Kuitambua kampaundi ya meso bila kudanganywa na mchoro

Ukishajifunza kwamba kaboni yenye vikundi vinne tofauti ni stereosenta, ni rahisi kuamini kwamba molekuli yoyote yenye stereosenta lazima iwe kairali, yaani isiweze kulaliana na taswira yake ya kwenye kioo, kama mkono wa kushoto usivyoweza kulaliana na wa kulia. Kwa molekuli yenye stereosenta moja hilo ni kweli. Zikiwa mbili au zaidi, kuna molekuli zinazovunja kanuni hiyo: zina stereosenta halali kabisa, lakini molekuli nzima si kairali. Hizo ndizo kampaundi za meso.

Wanafunzi wengi hufundishwa kuzitafuta kwa kuchora mstari katikati ya molekuli na kuangalia kama pande mbili zinafanana. Njia hiyo inafaa kwa baadhi ya michoro, kwa mingine inakupeleka kwenye jibu lililo kinyume. Mwongozo huu unafuata njia inayotegemea molekuli yenyewe, kisha unaonyesha mchoro unapotosha wapi na kwa nini.

Kwanza, elewa kwa nini zipo

Chukua asidi ya tartariki. Ina kaboni nne: mbili za mwisho ni COOH, na mbili za katikati kila moja imebeba OH na H. Kaboni ya pili imeshika vikundi hivi vinne: H, OH, COOH, na nusu ya pili ya molekuli. Kaboni ya tatu imeshika vilevile: H, OH, COOH, na nusu nyingine. Zote mbili ni stereosenta, na zimebeba vitu vilevile.

Kila stereosenta inaweza kuwa R au S, herufi za mipangilio miwili inayowezekana ya vikundi vyake, kwa hiyo kwenye karatasi tunapata michanganyiko minne: R,R, S,S, R,S na S,R. Sasa angalia hiyo miwili ya mwisho. Molekuli hii haina kichwa wala mkia. Hakuna kinachokuambia uanze kuhesabu kaboni kutoka upande gani. Ukihesabu kutoka juu unasoma R kisha S, na ukiigeuza molekuli hiyohiyo na kuhesabu kutoka upande wa pili unasoma S kisha R. Hizo si molekuli mbili, ni moja iliyosomwa mara mbili.

Kioo nacho hufanya kazi moja tu kwa herufi hizi: kila R huwa S, na kila S huwa R. Taswira ya R,R ni S,S, ambayo ni molekuli nyingine, basi hao wawili ni enantioma. Taswira ya R,S ni S,R, na tumeshaona kwamba S,R ndiyo R,S yenyewe. Molekuli imejiona kwenye kioo na ikajikuta ileile. Hiyo ndiyo sababu nzima ya kuwepo kwa meso, na ndiyo maana asidi ya tartariki ina stereoisoma tatu badala ya nne.

Jambo hili lilionekana maabara kabla hata ya nadharia ya kaboni yenye pembe nne kutolewa. Mwaka 1848 Louis Pasteur alichambua kwa mkono fuwele za chumvi ya sodiamu na amonia ya asidi hii, akapata aina mbili zilizokuwa taswira ya kioo ya kila mmoja: moja ilizungusha nuru iliyopolaraishwa kulia, nyingine kushoto. Mwaka 1853 akapata asidi ya tartariki ya aina nyingine, isiyozungusha nuru na isiyoweza kutenganishwa kuwa jozi ya kulia na kushoto. Hiyo ya mwisho ndiyo meso.

Hapa inabidi kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana. Mchanganyiko wa rasemi, yaani nusu R,R na nusu S,S, pia hauzungushi nuru, lakini ndani yake kila molekuli ni kairali, na ukiutenganisha kila sehemu inazungusha. Meso ni dutu moja na hakuna cha kutenganisha. Halafu meso si enantioma wa R,R, ni diastereoma wake, yaani stereoisoma isiyo taswira yake ya kwenye kioo, kwa hiyo tabia zake za kawaida ni tofauti. Asidi ya tartariki inayotoka kwenye zabibu, ambayo ni R,R, huyeyuka karibu na nyuzi 170 za Selsiasi. Ile ya rasemi huyeyuka karibu na nyuzi 206. Meso huyeyuka chini ya zote mbili. Ukiwa na kipimajoto kizuri na sampuli safi, huhitaji hata nuru kuzitofautisha.

Hatua ya kwanza: linganisha orodha za vikundi

Usianze na kioo. Anza kwa kutafuta stereosenta zote, kisha andika kila moja imeshika vikundi gani. Ili molekuli iwe meso, stereosenta zake, ukiacha inayokaa katikati kabisa ya molekuli kama ipo, lazima ziweze kupangwa katika jozi, na katika kila jozi orodha ya vikundi vinne iwe ileile.

Hatua hii inachukua muda mfupi sana na inaondoa sehemu kubwa ya makosa. Tazama 2,3-diklorobutani. Kaboni ya pili ina H, Cl, CH3 na nusu nyingine. Kaboni ya tatu ina H, Cl, CH3 na nusu nyingine. Orodha zinalingana, basi meso inawezekana. Sasa refusha mnyororo kwa kaboni moja upate 2,3-dikloropentani. Kaboni ya pili bado ina CH3, lakini ya tatu ina C2H5. Orodha hazilingani. Hapa hakuna meso hata ukichora namna gani, na michanganyiko yote minne ni molekuli nne halisi.

Ndiyo maana jina lenye R,S peke yake halithibitishi chochote. (2R,3S)-2-bromo-3-klorobutani ina R na S, ina mnyororo unaoonekana sawa pande zote, lakini kaboni moja ina bromini na nyingine ina klorini. Ni kairali. Herufi zinakuwa ushahidi baada tu ya orodha kulingana.

Hatua ya pili: toa herufi, kwa uangalifu

Orodha zikilingana, jipe kazi ya kuweka R au S kwa kila stereosenta. Zikiwa mbili zenye herufi kinyume, ni meso. Zikiwa na herufi ileile, ni kairali. Kwa molekuli yenye stereosenta mbili zilizolingana, jaribio hili halina ubaguzi, na halijali umechora kwa mtindo gani. Kwangu hili ndilo jaribio la kuaminiwa kuliko mengine yote, hasa pale ambapo macho yanabishana na akili.

Tulifanye kwa asidi ya tartariki kwenye mchoro wa Fischer:

```
      COOH
       |
   H - C - OH     (kaboni 2)
       |
   H - C - OH     (kaboni 3)
       |
      COOH
```

Kumbuka maana ya mchoro huu: bondi za mlalo zinakuja kwako, bondi za wima zinakwenda nyuma ya karatasi.

Kaboni ya pili: cha kwanza kwa kipaumbele ni OH, kwa sababu oksijeni ina namba ya atomu kubwa kuliko kaboni. Cha pili ni COOH, kwa kuwa kaboni yake inahesabiwa kushika oksijeni tatu. Cha tatu ni kaboni ya tatu, inayoshika oksijeni moja, kaboni moja na hidrojeni moja. Cha mwisho ni H. Sasa tembea kutoka OH iliyo kulia, kwenda COOH iliyo juu, kwenda kaboni ya tatu iliyo chini. Unakwenda kinyume na mshale wa saa, mwelekeo unaosomwa S; wa mshale wa saa ungesomwa R. Lakini H iko kwenye bondi ya mlalo, inakutazama, wakati kanuni inataka iwe nyuma. Kwa hiyo geuza jibu: R.

Kaboni ya tatu: OH iko kulia, COOH iko chini, kaboni ya pili iko juu. Kutoka kulia kwenda chini kwenda juu ni mwelekeo wa mshale wa saa. H tena inakutazama, basi geuza: S.

Tumepata 2R,3S, orodha zinalingana, hivyo ni meso. Ukihamisha OH ya kaboni ya tatu iende kushoto, herufi yake inageuka kuwa R na unapata asidi ya zabibu. Kosa linalojirudia hapa ni kusahau kugeuza jibu kwa sababu ya H ya mlalo. Ukisahau kwenye kaboni zote mbili, unapata S,R badala ya R,S na bado unasema meso, bila kujua kwamba umekosea. Ukisahau kwenye moja tu, jibu lote linapinduka.

Hatua ya tatu: jua mchoro wako unasema nini

Katika mchoro wa Fischer, ule mstari wa kukata katikati unafanya kazi vizuri. Nusu ya juu ni taswira ya nusu ya chini, bapa la ulinganifu linapita kati ya kaboni ya pili na ya tatu, na unaliona kwa macho. Sababu ni kwamba Fischer huchora molekuli katika mkao ambao vikundi vya kaboni jirani vimesimama sambamba, kimoja nyuma ya kingine. Vikundi sawa vinatazamana uso kwa uso.

Mchoro wa zigizaga haufanyi hivyo, na hapa ndipo watu wengi huanguka. Chora butani kwa zigizaga, weka OH kwenye kaboni ya pili na ya tatu, zote mbili kwa kabari nyeusi, yaani zinakuja kwako. Zinaonekana ziko upande mmoja, zinaonekana sawa, na mkono unakimbilia kuandika meso. Sivyo. Molekuli hiyo ni kairali. Iliyo meso ni ile yenye OH moja kwa kabari nyeusi na nyingine kwa kabari ya mistari, yaani inakwenda nyuma.

Fanya jaribio hili kwa karatasi halisi. Chukua ule mchoro wenye kabari mbili nyeusi, uzungushe juu ya meza kwa nyuzi 180 bila kuuinua. Kabari nyeusi inabaki nyeusi, kwa sababu hujageuza karatasi, na mchoro unarudi vilevile ulivyokuwa. Ulinganifu ulioukuta ni wa mzunguko. Kuzungusha molekuli hakubadilishi R kuwa S, kwa hiyo stereosenta mbili zinazobadilishana nafasi kwa mzunguko lazima ziwe na herufi moja: R,R au S,S. Macho yako hayakudanganya yaliposema nusu mbili ni sawa. Ni sawa kwelikweli, na hilo ndilo tatizo. Kwenye meso nusu mbili hazitakiwi kuwa sawa, zinatakiwa kuwa kinyume kama kwenye kioo.

Sasa tazama mchoro wenye kabari moja nyeusi na moja ya mistari. Toka kwenye OH ya mbele, pita katikati kabisa ya bondi kati ya kaboni ya pili na ya tatu, endelea umbali uleule upande wa pili: unaikuta OH ya nyuma. Fanya hivyo kwa CH3, unaikuta CH3. Fanya kwa H, unaikuta H. Hiki ni kitovu cha ulinganifu, na chenyewe hubadilisha R kuwa S sawasawa na kioo kinavyofanya. Bapa halipo katika mkao huu, lakini molekuli bado si kairali.

Ukiona zigizaga inakusumbua, zungusha bondi ya katikati kichwani, nusu moja kwa nyuzi 180, ili CH3 mbili zije upande mmoja. Katika mzunguko huo kabari za nusu uliyoizungusha zinabadilika: iliyokuwa mbele inakwenda nyuma. Ile yenye kabari nyeusi na ya mistari sasa ina OH zote mbili upande mmoja, na bapa linajitokeza wazi. Mzunguko wa bondi moja haubadilishi molekuli ni ipi, unabadilisha mkao tu.

Usikariri, hata hivyo, kwamba kwenye zigizaga kabari tofauti ndiyo meso. Hilo ni kweli kwa kaboni zilizo jirani, lakini si kwa kila umbali. Stereosenta zikiwa zimeachana kwa kaboni moja, kama kwenye 2,4-pentanidioli, mambo yanageuka: kabari mbili sawa ndizo meso, na bapa linapita kwenye kaboni ya tatu. Ndiyo maana nasisitiza herufi za hatua ya pili. Hizo hazina habari na umbali.

Kwenye pete hali ni tofauti tena. 1,2-dimethilisaiklopentani yenye CH3 zote mbili upande mmoja wa pete ni meso, na ile yenye moja juu na moja chini ni kairali. Pete haiachi bondi izunguke hadi mwisho, kwa hiyo mchoro bapa wa pete unafanana zaidi na Fischer kuliko zigizaga.

Hatua ya nne: usihukumu kwa mkao mmoja

Swali zuri huulizwa hapa. 1,2-dimethilisaikloheksani yenye CH3 upande mmoja, ikichorwa kwa umbo la kiti, ina CH3 moja aksiali, yaani iliyosimama wima kwa pete, na nyingine ekwatoria, yaani iliyoelekea pembeni. Kiti hicho hakina bapa wala kitovu. Kwa nini basi tuiite meso?

Kwa sababu kiti hakitulii. Pete inapopinduka, iliyokuwa aksiali inakuwa ekwatoria na kinyume chake, na kiti kipya ndicho taswira ya kioo ya kile cha kwanza. Kizuizi cha mpinduko huo kwa saikloheksani ni takriban kJ 45 kwa moli, kiasi kidogo ambacho kwenye joto la kawaida la chumba pete hupinduka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde au zaidi. Viti viwili viko kwa kiasi sawa kabisa, huwezi kukishika kimoja ukaacha kingine. Ukiichora pete bapa, bapa la ulinganifu linaonekana, na mchoro huo bapa unakupa jibu sahihi.

Mantiki hiyohiyo inajibu swali la nuru. Asidi ya tartariki ya meso iliyo kwenye maji inazungukazunguka kwenye bondi yake ya katikati, na baadhi ya mikao inayopita ni kairali. Lakini kila mkao wa aina hiyo una taswira yake, yenye nishati ileile, na kwa hiyo iliyopo kwa kiasi kilekile. Jumla ni sifuri. Wengine hueleza kwamba kaboni ya R inazungusha kulia na ya S inarudisha kushoto. Maelezo hayo yaache, kwa sababu herufi R haina uhusiano wa moja kwa moja na mwelekeo wa kuzungusha nuru.

Zikiwa stereosenta tatu au zaidi

Panga jozi kutoka nje kwenda ndani. Zailitoli ina kaboni tano, na kwenye Fischer OH za kaboni 2, 3 na 4 ziko kulia, kushoto, kulia. Kaboni ya 2 na ya 4 ni jozi yenye herufi kinyume. Ya tatu haina mwenzake, imekaa juu ya bapa lenyewe, na hairuhusiwi kuharibu kitu: iwe OH yake iko kulia au kushoto, molekuli inabaki meso. Ikiwa kulia, ni ribitoli, nayo ni meso. Ukigeuza kaboni ya 2 peke yake, jozi ya nje inakuwa na herufi moja, na meso imekwisha.

Pale bapa halipatikani kabisa

Kuna molekuli chache ambazo ukishikilia kutafuta bapa utazikosa. Unganisha alanini mbili ziwe pete ya viungo sita yenye vikundi viwili vya amaidi, alanini moja ikiwa ya aina ya L na nyingine ya D. CH3 mbili zinakaa kwenye pembe za pete zinazotazamana, moja juu na moja chini. Jaribu kupitisha bapa popote: upande mmoja wa kaboni yenye CH3 kuna NH, upande wa pili kuna CO, kwa hiyo kila bapa linagongana na kitu kisicholingana. Hata ukiizungusha vipi, halipo.

Rudi kwenye hatua. Orodha: kila stereosenta ina H, CH3, NH na CO, zinalingana. Herufi: L-alanini ni S, D-alanini ni R, ziko kinyume. Basi ni meso, na ukipita katikati ya pete unaona kitovu cha ulinganifu kikiunganisha kila atomu na mwenzake. Ukitumia alanini mbili za L, CH3 zote zinakaa upande mmoja, mchoro unapendeza zaidi kwa macho, na molekuli ni kairali.

Mfano wa kumalizia kazi: bromini juu ya 2-buteni

Chukua trans-2-buteni na uongeze Br2. Bromini mbili huingia kutoka pande zinazopingana za bondi mbili. Chora alkeni kama ilivyo: CH3 zake mbili tayari zimekaa kizigizaga, kaboni zote nne ndani ya karatasi. Weka bromini ya kwanza kwa kabari nyeusi, na ya pili, kwa kuwa inatoka upande wa pili, kwa kabari ya mistari. Orodha: H, Br, CH3, nusu nyingine, kwa kaboni zote mbili. Kaboni jirani, kabari tofauti, herufi R na S: 2,3-dibromobutani ya meso. Haijalishi ni kaboni ipi ilipata bromini ya mbele, kwa sababu njia zote mbili zinaishia kwenye molekuli ileile.

Rudia kwa cis-2-buteni. Bromini zinaingia kwa namna ileile, lakini CH3 sasa ziko upande mmoja. Ukiizungusha bondi ya katikati ili mnyororo ukae kizigizaga, kabari moja inageuka na unabaki na kabari mbili sawa: R,R. Ukiianza kaboni nyingine kwa mbele unapata S,S. Zinatoka kwa kiasi sawa, na chupa uliyonayo ni ya mchanganyiko wa rasemi, usio na hata molekuli moja ya meso ndani yake.